Uniti moja mia sita

*Kikundi cha Wasapu: FAMILIA CHIKONGOLA NA LINDI*
*Jumamosi, 14 Septemba 2024*

Sharifa 19:12
Asalam aleykum jamani. Nina shida ya umeme hapa ninapopanga. Baba mwenye nyumba kaja na daftari lake, nimetumia uniti 61 mwezi wa nane, anataka 36,600. Nimegawanya naona kila uniti ni 600. Hivi umeme umepanda au?

Idd (Lindi) 19:14
Dada tokeni ikikataa ingiza tena pole pole kwenye ile rimoti, ukikosea namba moja haikubali. Mi jana nimehangaika nusu saa kumbe betri zimeisha

Sharifa 19:15
Idd soma kwanza. Sina LUKU mimi, LUKU iko kwake sebuleni. Sisi wapangaji wanne kila mtu ana sabmita kaning'iniziwa mlangoni, mwisho wa mwezi mtoto wake anapita anaandika

Bamdogo Salumu 19:19
Huyo mwizi kabisa!! Uniti ni mia moja, ukiweka na makato 122. Mimi hapa Ligula naweka elfu tano napata uniti 41 kasoro kidogo. Kwa hiyo anakuibia karibu mara tano. Gesi inatoka hapo Mnazi Bay puani kwetu halafu mtu anauziwa mia sita, haiwezekani. Mkatae kulipa

Shangazi Mwanahawa 19:23
Salumu usimtie mtoto moto atafukuzwa. Mimi nina wapangaji watatu Mikindani nawatoza 400 na sioni aibu. Wenye nyumba mnatuona wezi lakini hamjui, juzi mmoja kahama usiku na deni la miezi miwili, hata ufunguo hakuacha

Sharifa 19:24
Sasa shangazi 400 na 600 si moja

Shangazi Mwanahawa 19:24
Sijasema ni moja

Mjomba Hamisi 19:41
Nilikuwa juu ya dari la mtu. Salumu bei yako ni kweli lakini ni ya kwako. Ile mia moja ni ya mita ya nyumbani ambayo kwa mwezi haivuki uniti 75. Wewe upo na mkeo na feni. Nyumba ya Sharifa ina wapangaji wanne na mwenye nyumba, wote wananyonya mita moja, lazima wavuke. Wakivuka mara kwa mara, mita nzima inahamishiwa kundi la juu, 292 kwa uniti kabla ya makato. Weka VAT 18, REA 3, EWURA 1, inafika 356 na senti. Kwa hiyo hata angekuwa mwenye nyumba mcha Mungu kiasi gani hawezi kuwauzia 122, yeye mwenyewe haipati

Bamdogo Salumu 19:43
Ahaa. Kwa hiyo kujazana kwenye mita moja ndo kunapandisha

Mjomba Hamisi 19:44
Ndo hivyo. Sharifa, una risiti yoyote ya LUKU ya hapo? Bila risiti tunabishana hewani

Sharifa 19:50
Ninayo! Mwezi ule alinituma mimi ninunue kwa simu yangu akanipa hela mkononi, meseji ninayo bado

```
136.1KWH
Cost 39754.10
VAT 18% 7155.74
EWURA 1% 397.54
REA 3% 1192.62
Debt Collected 1500.00
```

Hiyo ni ya elfu hamsini. Na kinyozi wa chumba cha mbele alinunua ya elfu thelathini tarehe za mwisho, kapata 84.2

Mjomba Hamisi 19:58
Safi sana, hiyo inasema yote. Chukua 39,754 gawa kwa 136.1 unapata 292, ndo nilichosema. Hiyo 1,500 ya chini siyo deni la umeme, ni kodi ya jengo, inakatwa mara moja kwa mwezi ndo maana ya elfu thelathini haina. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Usikubali akuingizie kwenye bei ya uniti.
Sasa nipigie picha ukurasa wa daftari, uniti za wote

Sharifa 20:06
Picha haionekani vizuri naandika. Mimi 61, mwalimu 34, kinyozi 48, yule kijana wa bodaboda 15

Bamdogo Salumu 20:07
Jumla 158

Sharifa 20:07
Na kwake hakuna sabmita. Yeye na mkewe na watoto wako moja kwa moja kwenye LUKU

Mjomba Hamisi 20:15
Ngoja sasa. Umeme ulionunuliwa mwezi mzima elfu 80, uniti 220 na kidogo. Nyie mmetumia 158. Zilizobaki kama 62 ni za kwake, na ndani yake kuna upotevu wa waya. Nyie wanne mkilipa 600 kwa 158 ni 94,800. Yaani mmemlipia LUKU yote, na kodi yake ya jengo, na friji lake na tivii, halafu kabaki na 14,800 mfukoni

Bamdogo Salumu 20:16
SI NILISEMA MWIZI

Idd (Lindi) 20:17
😂😂 mwenye nyumba analipwa kuangalia mpira

Shangazi Mwanahawa 20:22
Hapo kazidi jamani. Lakini shemeji Hamisi usiseme wote tuko hivyo. Mimi kwangu nina sabmita ya chumba changu mwenyewe, tunajumlisha wote. Hiyo 400 yangu inabeba taa ya uani na ile pampu ya kisima. Kila mwezi jumla ya sabmita haifiki ile ya LUKU, zinapotea uniti tatu nne sijui zinakwenda wapi

Mjomba Hamisi 20:26
Shemeji hizo zinapotea kweli, sabmita yenyewe inakula kidogo na waya nazo. Na taa ya uani inatumiwa na wote. Kwangu mimi 360 mpaka 380 ni haki, 400 kama kuna pampu sitagombana na mtu

Bamdogo Salumu 20:28
Mi naona hata 380 nyingi, taa ya uani agharamie mwenyewe kwenye kodi ya chumba

Shangazi Mwanahawa 20:28
Wewe hujawahi kumiliki hata kibanda

Mjomba Hamisi 20:33
Sharifa kuna kitu kinanisumbua. 61 kwa mtu mmoja mwenye friji dogo na feni ni nyingi. Una jiko la umeme? Hita?

Sharifa 20:34
Hapana mjomba napikia mkaa. Friji la barafu, feni, tivii, taa mbili. Basi

Mjomba Hamisi 20:38
Fanya hivi sasa hivi. Angalia uso wa sabmita, patakuwa pameandikwa 1000 imp/kWh au namba nyingine. Kuna kitaa chekundu kinamweka. Zima swichi kubwa ya chumbani kwako, ile inayozima kila kitu, halafu simama ukikodolee macho kile kitaa dakika tano. Kama umeme wako umezimika wote kinatakiwa kitulie

Sharifa 20:39
Imeandikwa 1000. Ngoja

Idd (Lindi) 20:40
Dada si uweke sumaku pembeni ya hiyo sabmita inagoma kuhesabu, jamaa zangu huku

Mjomba Hamisi 20:41
Idd nyamaza. Ukimfundisha hilo, kesho mwizi atakuwa yeye na mwenye nyumba atakuwa na haki

Sharifa 20:49
Mjomba nimezima kila kitu, niko gizani na tochi ya simu. Kinamweka! Sio sana, nimehesabu, kinamweka mara moja kila baada ya dakika moja hivi. Mara tano kwa dakika tano

Mjomba Hamisi 20:53
Basi kuna mtu anakunywa kwenye bomba lako. Kwa mita ya 1000, kumweka mara moja kwa dakika ni mara 60 kwa saa, yaani kitu cha wati 60. Hiyo ni globu ya zamani. Toka nje uangalie kuna taa gani inawaka ya manjano

Sharifa 20:55
Ya uani!!! Ile ya mlango wa choo, ni globu ya manjano ya moto. Inawaka kuanzia magharibi mpaka asubuhi

Mjomba Hamisi 21:02
Fundi kaunga waya wa hiyo taa baada ya sabmita yako na kabla ya swichi yako, ndo maana ukizima haizimiki. Pengine hakukusudia, alichukua waya wa karibu. Saa 12 kila usiku kwa wati 60 ni robo tatu ya uniti, haifiki kidogo. Mwezi mzima uniti 21 na nusu. Kwa 600 umelipia choo cha watu wote kama 13,000

Shangazi Mwanahawa 21:04
Ya Rabbi

Sharifa 21:05
Nikakate mwenyewe huo waya?

Mjomba Hamisi 21:07
Usiguse. Ukikata atasema umeharibu nyumba, na pale juu umeme uko hai hata ukizima kwako. Mwite aje aone na yeye, zima mbele yake, mwonyeshe kitaa. Mimi Jumatatu naweza kupita nihamishe waya uende upande wake, sitaki hela

Bamdogo Salumu 21:10
Na EWURA je? Mtu binafsi anaruhusiwa kujipangia bei ya umeme?

Mjomba Hamisi 21:13
Bei inapangwa na EWURA, siyo mwenye nyumba. Malalamiko yanaweza kupelekwa. Lakini kodi kalipa miezi sita na amebakiza mitatu, akianza na barua, miezi hiyo ataishi nao vipi. Aanze na risiti na daftari

Bamdogo Salumu 21:14
Mi ningeanza na barua

Idd (Lindi) 21:16
Kwa nini asivute LUKU yake tu?

Mjomba Hamisi 21:22
Hilo siyo baya. Bila ile globu anatumia kama 39 kwa mwezi. Akiwa na mita yake ya nyumbani chini ya 75, ni 122 kila moja, hata elfu tano haifiki. Aulizie tu wakati wa kuomba aingizwe kundi hilo. Tatizo ni kuvuta, mjini bila nguzo ni 320,960, na lazima mwenye nyumba akubali. Atoe hela hiyo kwenye nyumba ya mtu halafu ahame? Labda waandikiane ikatwe kwenye kodi

Sharifa 21:23
Laki tatu sina hata nikiuza friji

*Jumapili, 15 Septemba*

Sharifa 11:37
Nimemwita baba mwenye nyumba na mwalimu akiwepo. Tumewasha ile taa ya choo, nimezima kwangu, kakiona kitaa, kakaa kimya kisha kasema fundi yule alikuwa mlevi. Globu kaifungua mwenyewe pale pale. Hesabu za daftari nilipomwonyesha kakasirika, kasema sabmita nne kanunua kwa hela yake na nyie hamjui gharama. Mwisho kasema kuanzia mwezi huu 450

Bamdogo Salumu 11:40
Bado nyingi

Shangazi Mwanahawa 11:41
Kutoka 600 siyo haba. Na zile 13,000 za taa?

Sharifa 11:42
Kasema atafikiria. Mwalimu kakubali 450, kinyozi anasema halipi zaidi ya 380, wanabishana mpaka sasa huko nje nawasikia

Mjomba Hamisi 11:50
Mwambie aweke sabmita na kwake, nitaifunga mimi. Akikubali hilo bei itajipanga yenyewe, akikataa mtajua kwa nini

Sharifa 11:52
Nitamwambia akipoa. Sasa hivi kaenda kununua ming'oko kwa hasira

Shangazi Mwanahawa 12:15
Shemeji Hamisi ukitoka kwa Sharifa Jumatatu pita na kwangu Mikindani. Nimeenda kuzima kwa mpangaji wangu wa nyuma, na kwake kinamweka