Naomba ushauri: binti anabadilika kila muhula, nimwache au nimbane?

Habari zenu wadau. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Alianza na skauti, akahamia kwaya, sasa ni kushona. Baba yake anataka aamue udaktari leo, yaishe.

Mimi ni mwalimu. Chuoni tulisoma kwamba mwanasaikolojia Erik Erikson aliuona ujana kama umri wa kujitafuta. Baadaye, mwaka 1966, mwanasaikolojia mwingine, James Marcia, alitofautisha kijana anayejaribu kabla ya kuamua na yule anayepokea uamuzi wa wazazi bila kujaribu. Huyu wa pili huonekana ametulia, lakini njia hakuichagua yeye. Yupo pia asiyejaribu wala kujali, na hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Kwenye cherehani anajituma kweli: alikata sketi vibaya, akafumua, akarudia hadi ikamkaa. Ila akiacha jambo, hasemi limemfundisha nini kuhusu nafsi yake.

Mliolea vijana, mlitambuaje kama mtoto anajitafuta au anayumba tu? Mwakani atachagua tahasusi. Nizungumzeje na mume wangu ampe nafasi hadi wakati huo?