Familia Yetu: mchango wa VIP

Hamisi: Wapendwa, leo ndiyo mwisho. VIP ya signali za dhahabu kule Telegram, wanaotuambia lini tununue na lini tuuze, ni dola 60 kwa mwezi, tukiwa sita ni 10 kila mtu. Nani bado?

Hamisi: [picha] Ya jana hiyo. Dhahabu, BUY, loti 0.10. Faida 1,200.00!

Hamisi: Mbona kimya? Tiki za bluu naziona.

Juma: Nikipata hiyo nang'oa meno yote niweke ya dhahabu 😂

Mwanaidi: 😂😂 Anza na lile la mbele

Neema: Kaka Hamisi, nimeikuza picha. Wameingia 2318.40, wametoka 2330.40. Bei imepanda dola 12. Loti nzima ya XAUUSD kwa kawaida ni wakia 100, kwa hiyo 0.10 ni wakia 10. Kumi mara 12 ni 120. Sifuri ya ziada imetoka wapi?

Hamisi: Labda ni makato ya broka.

Neema: Makato yanapunguza faida, hayaiongezi.

Salim: Basi rahisi. Hesabu ikikubali, picha ni ya kweli.

Neema: Hapana, Salim. Akaunti ya demo hesabu zake zinakubali kabisa, ila pesa hamna. Halafu rudini kwenye signali yenyewe huko Telegram. Pembeni ya saa pameandikwa "edited". Saa inabaki ile ya ujumbe wa kwanza, lakini maneno yanaweza kuwa yamebadilishwa bei ikiwa imeshapanda.

Mwanaidi: Mimi wa kwangu waliniambia nilipe kodi kwanza ndipo nitoe faida. Nililipa mara mbili.

Hamisi: Hiyo ni kesi nyingine, dada.

Mwanaidi: Na ya kontena nayo ni kesi nyingine?

Hamisi: Kontena tena! Si nililipa?

Juma: Ulilipa nusu.

Neema: Tusitoke kwenye hoja. Mwombe admini nywila ya "Investor" ya MetaTrader. Ukiingia nayo unatazama tu, huwezi kufungua wala kufunga oda, kwa hiyo hana cha kuogopa. Tazama jina la seva kama lina "Demo", kisha fungua historia yote, na hasara zake.

Hamisi: Nimemuuliza. Anasema wanaouliza maswali si wa VIP.

Bibi: Hamisi mjukuu wangu, nimesomewa yote. Pesa ya wenzako isitoke mkononi mwako mpaka mtu huyo aonyeshe na siku alizopoteza.

Hamisi: Shikamoo Bibi. Nimesikia.

Salim: 🙏

Hamisi: Ila wawili walishatuma, na nafasi zinafungwa saa sita usiku. Nimwombe Neema azungumze naye mwenyewe?

Neema: Nipe namba yake. Hizo 20 warudishie kwanza.

Rashidi: Ndo naingia. Hamisi, kumi yangu nimetuma sasa hivi, imefika?