Seva ya Minecraft inagoma kuwaka: Java 21 ninayo, bado inadai Java mpya

BabaKulwa

Wakuu habari za jioni. Watoto wa dada yangu wapo kwangu likizo hii, wanataka kucheza Minecraft pamoja kwenye waifai ya nyumbani. Gemu lenyewe linafunguka vizuri kwenye laptopu zote mbili. Kinachonitesa ni seva. Nimepakua server.jar ya toleo 1.21.1, nikatengeneza faili la anza.bat lenye mstari huu:

```
java -Xmx6G -jar server.jar nogui
```

Nikibofya, dirisha jeusi linatokea na kupotea kabla sijasoma chochote. Nikafungua cmd nikaandika mstari huohuo kwa mkono, ikaja hivi:

```
Invalid maximum heap size: -Xmx6G
The specified size exceeds the maximum representable size.
```

Laptopu ina RAM ya GB 8. Nikashusha hadi 1G, ujumbe ule ukaondoka ukaja mwingine mrefu, ndani yake kuna UnsupportedClassVersionError na maneno "class file version 65.0", kisha "up to 52.0". Nikasoma mahali kwamba inatakiwa Java 21. Nimeipakua ile ya zip, nimeifungua ipo C:\jdk-21. Nimejaribu tena, majibu ni yaleyale. Watoto wananiuliza kila baada ya nusu saa. Nifanyeje?

FundiWaMtaa

Mkuu, hiyo ni RAM. GB 8 siku hizi hazitoshi, Windows yenyewe inakula karibu nusu. Ongeza kijiti kingine cha 8 halafu rudisha 6G yako. Nimewafanyia wateja wengi, gemu likigoma kuwaka ukiongeza RAM linakubali.

Mwanahamisi_T

Kaka, usinunue kijiti bado. Soma tena ule ujumbe wa kwanza: haukusema kumbukumbu imekwisha, umesema kiasi ulichoomba kinazidi kile Java hiyo inachoweza kuhesabu. Java ya biti 32 haifiki GB 4 hata ukiiweka kwenye mashine yenye GB 64. Na ujumbe wa pili unasema hivi: seva imetengenezwa kwa namba 65, ambayo ni Java 21, lakini Java iliyoifungua inaishia 52, ambayo ni Java 8. Mimi naona jumbe zote mbili zinamsema mtu mmoja: una Java 8 ya zamani ya biti 32, na ndiyo inayoitwa kila mara. Hebu andika hizi mbili kwenye cmd, utuletee majibu:

```
java -version
where java
```

kijana_wa_tabata

Mbona mimi nacheza Minecraft kwenye simu na sijawahi kuweka Java yoyote? Labda umepakua feki.

Mwanahamisi_T

Mdogo wangu, ya kwenye simu ni Bedrock, ni programu nyingine kabisa na haiendeshwi na Java. Anayoiwasha BabaKulwa ni seva ya Java Edition.

BabaKulwa

Dada, majibu haya hapa. Ya kwanza inasema java version "1.8.0", na mstari wa mwisho kuna "Client VM". Ya pili imetoa mstari mmoja tu:

```
C:\Program Files (x86)\Common Files\Oracle\Java\javapath\java.exe
```

Hiyo Java aliiweka fundi mwaka juzi kwa ajili ya programu ya uhasibu. Sasa Java 21 yangu imekwenda wapi?

Mwanahamisi_T

Ipo palepale ulipoiweka, ila Windows haijui. Ukiandika "java" peke yake, Windows inapekua folda zilizotajwa kwenye PATH na kuchukua ya kwanza inayoikuta. Zip haigusi PATH, inakaa tu kama folda nyingine yoyote. Hiyo "Client VM" nayo imemaliza ubishi, maana ya biti 64 ingeandika "64-Bit Server VM".

Usiifute Java 8, programu ya uhasibu bado inaihitaji. Ita Java 21 kwa njia yake kamili ndani ya anza.bat:

```
"C:\jdk-21\bin\java.exe" -Xmx3G -jar server.jar nogui
pause
```

Neno pause litazuia dirisha lisifunge, upate nafasi ya kusoma. Alama za kunukuu ziache, siku ukihamishia Java kwenye folda yenye nafasi katika jina zitakuokoa. Na -Xmx3G lazima ikae kabla ya -jar, kwa sababu kila kinachofuata jina la jar kinapelekwa kwa seva, Java haikioni. Iandike imeshikana, bila nafasi kati ya Xmx na 3, na usisahau ile G. Bila herufi, Java inasoma namba hiyo kama baiti.

Nimekushusha hadi 3 kwa makusudi. Gemu lenyewe litakuwa limefunguliwa kwenye laptopu hiyohiyo, na kwa kawaida linajipangia GB 2. Ukiipa seva 6, Windows itaanza kuhamishia vitu kwenye diski na kila kitu kitakwama.

FundiWaMtaa

Sawa, hilo la biti 32 sikuliona. Lakini na -Xms uiweke 3G vilevile, seva ichukue nafasi yake yote tangu mwanzo.

Mwanahamisi_T

Kwenye mashine inayoendesha seva peke yake nakubali. Kwenye laptopu ya GB 8 yenye gemu na kivinjari juu yake, mimi ningeiacha ijiongezee polepole.

FundiWaMtaa

Mimi nimeona inakwama kidogo pale inapojiongeza. Ajaribu zote mbili aone.

BabaKulwa

Imesogea! Imepakua vitu, imetengeneza folda, halafu ikazima tena. Safari hii inasema "You need to agree to the EULA".

Mwanahamisi_T

Hapo Java imeshamaliza kazi yake. Fungua faili la eula.txt kwa Notepad, badilisha eula=false iwe eula=true, hifadhi, washa tena.

BabaKulwa

Imewaka, wakuu. Imeandika Done, na Kulwa ameshaingia kutoka laptopu ya pili. Asante sana dada. Mdogo wao ana tableti yenye ile Bedrock, naye anaweza kuingia humu?

Mwanahamisi_T

Moja kwa moja hapana. Kuna daraja linaitwa Geyser, mimi sijawahi kuliweka. Mwenye uzoefu amsaidie.

Chifu_Iringa

Samahani kudandia uzi. Mimi nina 1.16.5 yenye Forge na modi kama 90. Nilikuwa na Java 17, ikawa inaanguka kabla hata ya menyu. Baada ya kusoma hapa nimeipa Java 8 ya biti 64, menyu imefunguka. Lakini nikiingia kwenye dunia inakata na "OutOfMemoryError: Java heap space". Nimeweka -Xmx2G, laptopu ina GB 4.

Mwanahamisi_T

Kwenye Java umepatia, ile 1.16.5 na Forge yake ni ya zama za Java 8. Huu ujumbe wa sasa ni tofauti na wa BabaKulwa: wake ulitoka kabla Java haijawaka, wako umetoka Java ikiwa kazini na imejaza zile 2G zote. Kwenye GB 4 huna pa kupandishia. Ama upunguze modi, ama umsikilize FundiWaMtaa kuhusu kile kijiti.

FundiWaMtaa

Chifu, fungua mfuniko wa chini utazame kama kuna nafasi ya pili ya RAM, na kama kilichopo kimeandikwa DDR3, DDR3L au DDR4. Piga picha ya lebo uweke hapa.

Chifu_Iringa

Natafuta bisibisi.