Vesi ina vina lakini flo imelala: nisaidieni mistari hii minne

Chalii wa Ngarenaro
Wakuu, salama? Nipo Arusha, karibuni naingia studio. Biti ni 90. Prodyuza anasema vina vipo ila nasikika kama nasoma risala. Nirekebishe wapi?

*Nimetoka Ngarenaro, asubuhi jua kali*
*Mfukoni sina kitu, safari yangu ni mbali*
*Stendi watu wamejaa, kila mtu ana hali*
*Nauza maji baridi, niambulie ugali*

Mgumu
Ongeza spidi, mwanangu. Mimi nilihamia biti ya 140, nikachangamka.

Binti Sakina
Spidi haitasaidia. Tatizo ni vina vya kati: naro, kitu, jaa, ridi, hakuna kinachoitikia kingine. Mstari wa nne weka "maji baridi, kwa bidii".

Mzee wa Mistari
Dada kagusa penyewe, ila "baridi" na "bidii" havishikani. Tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho: ba-RI-di, bi-DI-i. Kwenye karatasi vinafanana, mdomoni vinaachana. "Haizidi" ndiyo inaitikia.

Dogo, kila mstari wako una mizani nane kwa nane, kama shairi. Ukianza juu ya kiki, "ka" ya "kali" inachelewa, snea imeshapita. Anza silabi mbili kabla: "nime" itangulie, "to" ikae kwenye kiki. Hapo "na" ya Ngarenaro inagonga snea ya kwanza, "ka" ya kali inagonga ya pili. Kisha jaribu hivi:

*Nimetoka Ngarenaro, karo sina, jua kali*
*Wala jina, nina njaa, na safari yangu mbali*
*Stendi imejaa, kila mtu ana hali*
*Nauza maji baridi, pesa haizidi ugali*

Naro inaitwa na karo papo hapo, nje ya snea, kwa hiyo sikio linashtuka. Sina inavuka mstari kumfuata jina na nina. Njaa inasubiri hadi "imejaa". Mstari wa tatu nimeukata silabi mbili makusudi: huo unaanza juu ya kiki yenyewe, na kile kinafasi kilichobaki kabla yake ndipo unavuta pumzi. Bila hicho utakata roho kabla ya ugali. Wa nne umezidi silabi moja, kwa hiyo "pesa" itamkwe chapchap, ikae sehemu ya silabi moja.

Binti Sakina
Sawa kuhusu "bidii", nimekuelewa. Lakini "ali" mara nne mfululizo bado inanichosha. Mistari miwili ya mwisho ingebadili kina.

Mzee wa Mistari
Mimi ningeiacha. Vina vya ndani vinabadilika, cha mwisho kikitulia kinashika vesi.

Chalii wa Ngarenaro
Shikamoo mzee. Nimejaribu kwa kupiga meza, snea inagonga kweli. Shida ni karo, mimi sisomi tena, nitakuwa nimedanganya.

Mgumu
Si ya mdogo wako?

Chalii wa Ngarenaro
Ninaye, yupo kidato cha pili. Ila basi msikilizaji atajuaje?