Eti "unaenda mwezini?" Mdosi amenyoosha kalamu kwa paneli yangu leo

Wacha niandike kabla hasira ishuke. Mnamjua. Kila kiwanda hapa Nakuru kina wake, yule wa shati jeupe na reflekta ya polista juu, anatembea na ufunguo wa swichirumu kama ni wa gari lake.

Leo nimezima meni, nimeweka kufuli langu na tegi, nimefungua kifuniko cha inkama, ile paneli inapokea moto kutoka kwa transfoma, nithibitishe hakuna moto kwa basbaa za chini. Nimevaa suti ya kukinga moto wa flashi, yaani ule mlipuko wa stima, kofia yenye kioo, glavu, jasho linatiririka hadi kwa soksi. Nimefunga mnyororo mita moja na nusu kutoka kwa paneli. Huyo akaingia na wageni watatu, akaruka mnyororo, akacheka, "Kwani unaenda mwezini?" Wageni wakacheka. Halafu jameni, akatoa kalamu ya chuma mfukoni akainyoosha hadi karibu na vichwa vya kebo za juu. Kalamu. Ya chuma. Ilibaki kama kiganja kimoja iguse!

Nikapiga nduru akaruka kama kuku. Akageuka kunigombeza mbele ya wageni: "Meni si iko ofu? Na hapa mwenye idhini ni mimi, wewe ni fundi tu." Ofu gani buda! Meni ikizimwa, upande wa juu bado una moto wa transfoma. Hiyo kalamu naiona hata nikifumba macho.

Kuku_wa_Kondele: Bro kwani ulipiga nduru ukiwa ndani ya kofia, alisikiaje 😂

Stima_Kakamega: Mwenye idhini ni mwenye leseni ya EPRA, basi. Mimi nina C1, nikifika swichirumu yoyote naingia. Huyo mdosi ana leseni?

Mzee_wa_Swichi: Leseni ni kweli inahitajika, lakini kijana wa C1 usinifungulie paneli yangu. Leseni inasema unajua waya. Idhini ni barua ya mwajiri yenye jina lako, inataja paneli gani na kazi gani, zima tu ama ufungue pia. Mdosi bila hiyo barua ni mgeni kama wale watatu.

Sasa mwenye uzi, na wewe nikuulize. Stika ya hiyo inkama inasema joto la flashi ni kalori ngapi, na suti yako inahimili ngapi?

Mwenye uzi: Suti ni ya 12. Stika ya fida, zile laini zinatoka chini ya meni, ni 8. Ya inkama... sikuangalia vizuri.

Mzee_wa_Swichi: Ndiyo hiyo. Huo mnyororo wako wa mita moja na nusu ni wa fida. Fida ikipiga flashi, brekaa ya meni inakata haraka. Flashi ikipigia juu ya meni, hakuna brekaa ya kuikata, unangoja fyuzi za volti elfu 11 kule kwa transfoma. Ampia elfu 13 huku kwa paneli, kule upande wa volti elfu 11 inaonekana kama 490 tu, kwa hiyo fyuzi inachukua muda wake na wewe unaendelea kuchomeka. Joto linafuata muda. Pale juu ya meni suti ya 12 inaweza kuwa ni mapambo. Ungeomba transfoma izimwe kwanza.

Kuku_wa_Kondele: Kumbe wote wawili walikuwa wanaenda mwezini, mmoja tu ndiye alivaa 😂😂

Mwenye uzi: Transfoma nani anazima? Nikiomba naambiwa prodakshen haisimami. Na bado KALAMU mzee, usisahau kalamu.

Mama_Nyalenda: Samahani, sisi stima imepotea tangu jana saa mbili usiku, tokeni ninazo, ni fyuzi hizo mnasema? Samaki wangu wameanza kunuka.

Stima_Kakamega: Mama weka jina la mtaa tu. Lakini mzee, mbona reflekta iwe shida? Si ni ya usalama?

Mzee_wa_Swichi: Ya barabarani. Polista inayeyuka na kushika ngozi, daktari anaibandua pamoja na wewe. Afadhali shati la pamba.

Fundi_Mumias: Nyinyi mna suti mnalia? Sisi watu sita tuna glavu jozi moja. Jana nilikunja mkono wa glavu kuubana upepo ndani nikaskia fsss kwa kidole gumba. Nimepeleka stoo, karani akanipa selotepu.

Kuku_wa_Kondele: SELOTEPU 😭😭

Stima_Kakamega: Karani wa stoo ana undugu na wetu. Mimi niliomba fyuzi akanipa waya wa kufunga kuku.

Fundi_Mumias: Fungua uzi wa makarani, naleta picha.

Mama_Nyalenda: Nyalenda B, karibu na kanisa. Jameni samaki.