Agroveti alikisia "huyu" ni nani, sasa punda wa baba hanyi

Mtoto wa Njoro (mwenye uzi):
Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Baba ana ng'ombe watatu na punda mmoja wa kubeba maji. Wiki jana aliandikia duka fulani la dawa za mifugo mjini Nakuru kwa Watsapu. Nimesoma simu yake, nanakili yalivyo:

Jumatatu
Baba: Daktari, ng'ombe wana kupe masikioni na chini ya mkia.
Duka: Tumia amitrazi. Mililita 40 kwa pampu ya lita 20. Osha mwili mzima.
Baba: Sawa. Kijana anakuja na punda, mpatie na gunia la pumba.
Duka: Karibu.

Alhamisi
Baba: Kupe wameisha. Huyu naye wamemjaa shingoni. Nimwoshe na dawa iliyobaki?
Duka: Ndio mzee, kiasi kile kile.

Huyo alikuwa punda! Jumamosi alikuwa amesimama anasinzia, hataki nyasi, tumbo limefura, kinyesi hakuna. Daktari wa mifugo alikuja akamtia mafuta tumboni kwa mpira uliopitia puani. Anasema amitrazi husimamisha utumbo wa farasi na punda, kinyesi kinakauka humo humo ndani. Duka nao wanasema mzee hakutaja punda.

Jirani wa Bahati:
Pole, lakini duka wana haki. Habari yote ilikuwa ya ng'ombe. Mtu akiniambia "huyu" namchukua mnyama tuliyekuwa tukimzungumzia. Ndivyo tunavyoongea sote.

Mganga wa Mifugo, Molo:
Jirani, hapo umepata nusu. Mzee angeuliza Jumatatu ile ile, "nirudie lini?", hata mimi ningejibu ya ng'ombe bila kusita. Lakini soma ya Alhamisi polepole. "Kupe wameisha" inafunga habari ya ng'ombe. Kisha anakuja na "huyu naye", mmoja, aliyetengwa na wale watatu walioshwa. Na punda alishatajwa humo humo, tena alifika mpaka mlangoni mwa duka. Simu inaonyesha ujumbe wa Alhamisi chini ya ule wa Jumatatu, unadhani ni mazungumzo yale yale, kumbe siku tatu zimepita na mzee ana jambo jipya.

Jirani wa Bahati:
Angekuwa ng'ombe wa nne, amenunuliwa juzi, je? Naye angeitwa "huyu naye".

Mganga wa Mifugo, Molo:
Kweli, ingewezekana. Ndiyo maana mimi siangalii tu nani ana uwezekano mkubwa. Naangalia jibu langu likimfikia yule mwingine litamfanya nini. Kama shaka ni kati ya ng'ombe na ndama, mchanganyiko ni ule ule, kisia utakavyo. Lakini punda akiwa na nafasi hata ndogo, kukisia kumekwisha, kwa sababu jibu lililo sawa kwa mmoja ni sumu kwa mwenzake.

Dala wa Kisumu:
Na wangu pia wana kupe, niweke ngapi?

Mganga wa Mifugo, Molo:
Wako ni nani?

Dala wa Kisumu:
Paka wawili.

Mganga wa Mifugo, Molo:
Usiwawekee hata tone! Nao inawadhuru. Nenda kwa daktari akupe ya paka.

Mtoto wa Njoro:
Mmeona? Maneno matatu tu, "wako ni nani". Duka walishindwa kuyaandika.

Jirani wa Bahati:
Wewe hujawahi kukaa kaunta siku ya soko. Watu wamejaa, simu inalia. Ukimuuliza mteja kila neno anahamia duka la pili.

Mganga wa Mifugo, Molo:
Si kila neno. Mara nyingi inatosha kumtaja mnyama ndani ya jibu: "Ndio, huyo ng'ombe mwoshe." Mzee angerudi papo hapo, "aa, ni punda." Ila kuna wazee wanaosoma "ndio" wakaweka simu mfukoni, kwa hiyo kwenye dawa inayoua mimi nauliza kwanza, hata akinuna.

Jirani wa Bahati:
Na chupa je? Imeandikwa isitumike kwa farasi. Mzee hakusoma?

Mtoto wa Njoro:
Chupa gani? Alipimiwa kwenye chupa ya soda. Maandishi yalibaki dukani.

Jirani wa Bahati:
Duh. Hilo sikulijua.

Mganga wa Mifugo, Molo:
Hiyo ya chupa ya soda ni kosa jingine, na kwangu ni zito kuliko la Watsapu. Punda anaendeleaje?

Mtoto wa Njoro:
Leo asubuhi ametoa vipande vichache, vikavu sana. Daktari anarudi jioni, na gharama yake duka wamekataa kugusa. Kuna aliyewahi kulipwa kwa kesi ya namna hii?