Niko Siyu, mtandao washinda ukiruka: nikae 4G au nirudi 3G, 2G?

KambaMawe
Wanajukwaa, salaam aleikum. Niko Siyu, kisiwa cha Pate. Nanunua kamba mawe na kaa kwa wavuvi, nauza Malindi. Nyumbani 4G ni kijiti kimoja, lakini picha za mzigo zaenda WhatsApp, polepole. Shida ni wavuvi. Wakinipigia waambiwa mteja hapatikani, na simu ninayo mkononi, yawaka! Juzi mzigo mzima umechukuliwa na mwingine. Niweke 3G au 2G?

BabaZuu
Weka 2G, wacha maneno. 2G yafika mbali kuliko zote. Mie na kabambe yangu napokea simu hata nikiwa mashuani, na M-Pesa natuma.

MamaMwalimu
Zamani mnunuzi alingoja mashua pwani akaamkiana na watu. Siku hizi mwataka mkae barazani biashara iwafuate. Mwanangu naye halali, ni simu tu.

FundiWaShela
Hapa pana jambo. Simu iliyo kwenye 4G ikipigiwa, kwa kawaida mtandao huishusha 3G au 2G ipokee. Utaiona alama ya 4G ikibadilika kabla ya mlio. Intaneti ikiwapo na simu haiingii kabisa, basi njia ya kushukia imezibwa. Umeigusa nini?

KambaMawe
Sijaigusa. Ni simu ya kawaida.

FundiWaShela
Fungua Settings, kwenye Preferred network type, unisomee ilivyoandikwa.

KambaMawe
Haya. Kuna kijana alinipa hii nikabonyeza, nikachagua LTE only:

```
*#*#4636#*#*
```

Lakini nilikuwa na sababu! Ikiwa otomatiki yaruka 4G, 3G, 4G, picha yakatika katikati na chaji yaisha mapema. Na wavuvi si waweza kunipigia kwa WhatsApp?

Dagaa_Mkavu
Mvuvi wa Kiwayu mwenye kabambe akupigie WhatsApp? Labda kwa kombe 😂

FundiWaShela
Ndiyo hiyo. LTE only huifungia simu isishuke. Ungekuwa na VoLTE, sauti ingepita kwenye 4G yenyewe, lakini hiyo yataka simu yako na mtandao vyote viikubali, na iwe imewashwa. Kuruka ulikokuona ni kweli, sikukatalii. Uko ukingoni mwa mnara, na kila ikihama kazi iliyokuwa ikiendelea hukatika.

KambaMawe
Kwenye SIM status 4G yaonyesha -116, 3G -101. Basi 3G ndiyo yenye nguvu?

FundiWaShela
Usizilinganishe. 4G hupima kipande chembamba cha mawimbi, 3G hupima upana wote, kwa hiyo namba ya 4G huwa chini hata pale mambo yako sawa. Linganisha kwa kazi: kaa pahali pamoja, tuma picha ile ile kwa 4G, kisha kwa 3G. Jaribu na usiku, maana mnara wa 3G ukijaa watu eneo lake hupungua, na walio ukingoni kama wewe ndio hutupwa kwanza.

BabaZuu, 2G kufika mbali ni nusu ya habari. 4G ya masafa ya 800 yaweza kufika karibu sawa na 2G ya 900. Sauti ya 2G hustahimili kwa kuwa haidai mengi, ila intaneti yake picha moja itakukalisha.

Simu yako ina laini mbili? Laini ya wavuvi iweke 2G. Ya bando irudishe otomatiki, na usiku ukitaka kutuma picha ndipo uifunge 4G. Simu nyingi huruhusu kila laini na mtandao wake.

Mchunguzi_wa_Chai
Ngojeni. Mtu wa kijiti kimoja ajibu kila dakika? Nshaona uzi kama huu, mwisho wake mtu akauza busta. Hii chai.

KambaMawe
Nimeshuka gatini, huku ni vijiti vitatu. Nyumba yangu ni mabati na kuta za mawe. Busta nimeulizia kweli, lakini siuzi!

Mchunguzi_wa_Chai
Aha, busta hiyo imeshatajwa. Saa hizi maji yamekupwa, gati gani hiyo? Piga picha.

MamaMwalimu
Mwacheni kijana wa watu. Na wewe, umeswali?

FundiWaShela
Chai au si chai, LTE only yaua simu za watu wengi. KambaMawe, busta usilipe hata senti. Zisizoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano haziruhusiwi, na huvuruga mnara kwa wengine.

KambaMawe
Nshatoa kidogo cha kumshikia... tuyaache. Laini ya pili nimeiweka 2G, mvuvi wa Ndau amenipata papo hapo. Ila nikizungumza naye, picha kwenye laini ya bando yasimama.

FundiWaShela
Hiyo ni kawaida ya simu nyingi za laini mbili. Ukikata yaendelea. VoLTE umeitafuta kwenye Settings?

KambaMawe
Siioni. Sijui ni simu au ni laini.

BabaZuu
Kwa hivyo ni 2G. Nilisema.

Mchunguzi_wa_Chai
Picha ya gati bado.